Barua ya wazi kwa waheshimiwa wa Mtumba na Bungeni: kabla ya kulizuia neno la raia, andikeni sababu

Kwa Waziri mwenye dhamana ya habari, Waziri wa Katiba na Sheria, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na Wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Sheria Ndogo.

Waheshimiwa,

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Dodoma. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo ninaloliomba linawahusu nyote kwa pamoja, na kila mara linapopelekwa kwa mmoja wenu hujibiwa kwamba liko kwa mwingine. Ninaomba kwamba kila amri, kanuni au barua ya Serikali inayomzuia mtu kusema, kuandika au kuchapisha jambo iambatane na maelezo ya maandishi yanayojibu maswali matatu yaliyomo katika ibara ya 19 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na kwamba amri isiyo na maelezo hayo isitoke kabisa.

Mkataba huo ulipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1966, ukaanza kufanya kazi Machi 1976, na nchi yetu ilijiunga nao Juni mwaka huo huo. Ibara ya 19 inatoa uhuru wa maoni na wa kujieleza, kisha katika aya yake ya tatu inakiri waziwazi kwamba uhuru wa kujieleza una majukumu yake na unaweza kuwekewa mipaka. Nalisema hili mapema kwa sababu nimewahi kusikia maofisa wakiueleza Mkataba huu kana kwamba unamruhusu kila mtu kusema lolote. Unairuhusu Serikali kuzuia, lakini kwa sharti kwamba kizuizi kiwe kimewekwa na sheria, kiwe kwa ajili ya lengo mojawapo kati ya machache yaliyotajwa, na kiwe cha lazima kwa ajili ya lengo hilo. Masharti hayo ni matatu na yote hutakiwa kwa pamoja, hivyo likikosekana moja kizuizi kinaanguka hata kama mengine mawili yametimia. Na anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba yametimia ni Serikali iliyozuia. Raia aliyezuiwa hadaiwi kuthibitisha kwamba maneno yake yalikuwa ya maana, ya adabu au ya kweli tupu.

Nianze na sharti la sheria, ambalo wengi hulipita haraka kwa kudhani kwamba ukishapata kifungu mahali fulani basi umelimaliza. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni yake ya Jumla Na. 34 ya mwaka 2011, ilieleza kwamba sheria inayozungumziwa hapa ni ile iliyoandikwa kwa usahihi wa kutosha kumwezesha mtu ajue mapema lipi anaruhusiwa na lipi haruhusiwi, iwe inapatikana kwa umma, na isimpe msimamizi wake hiari isiyo na mpaka. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayotusumbua sisi. Sheria inaweza kuwa imepita Bungeni kwa hatua zote, ikasainiwa na kutangazwa katika Gazeti la Serikali, na bado ikashindwa sharti hili kwa sababu ndani yake mna maneno yanayomwachia mtu mmoja aamue kwa kadiri anavyoona.

Mfano tunao wa nyumbani. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, katika kifungu cha 25, ilimpa Waziri uwezo wa kuamuru gazeti liache kuchapishwa pale ambapo kwa maoni yake kufanya hivyo ni kwa maslahi ya umma, au kwa maslahi ya amani na utulivu. Kifungu hicho hakikumtaka asikilize upande wa pili, na hakikueleza muda mrefu kabisa ambao gazeti lingeweza kufungiwa. Agosti 2016 gazeti la kila wiki la Mseto lilichapisha habari iliyomtuhumu kiongozi wa ngazi ya naibu waziri kwa rushwa. Siku chache baadaye, tarehe 10 ya mwezi huo, Waziri aliamuru gazeti hilo lifungiwe kwa miaka mitatu. Mhariri na kampuni iliyolichapisha, Hali Halisi, walikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha.

Uamuzi wa mahakama hiyo, uliotolewa tarehe 21 Juni 2018, unastahili kusomwa na kila ofisa anayeandaa amri ya namna hii, kwa sababu mahakama haikuhangaika sana na swali la kama habari ya Mseto ilikuwa ya kweli au ya uongo. Iliitazama amri yenyewe na kuuliza imeeleza nini. Ikakuta kwamba amri haikuonyesha ni kwa namna gani habari ile iliyagusa maslahi ya umma, wala ni wapi ilipohatarisha amani na utulivu, na kwamba kilichosimama pale kilikuwa ni maoni ya Waziri peke yake. Ikaamua kwamba Waziri alikiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hasa ibara zake za 6(d) na 7(2) zinazozifunga nchi wanachama na utawala bora, utawala wa sheria na haki za binadamu, na ikaagiza amri iondolewe na gazeti liruhusiwe kurudi.

Tuitazame sasa amri hiyo kwa maswali yetu matatu, kana kwamba imeletwa mezani leo. Sheria ilikuwepo, lakini ilikuwa ya aina ile inayomkabidhi mtu mmoja neno la mwisho bila kipimo, kwa hiyo inakwama katika hatua ya kwanza. Tukiamua kuisamehe hapo na kusogea mbele, lengo linaloweza kutajwa kwa haki ni kulinda heshima ya kiongozi aliyetuhumiwa, kwani Mkataba unatambua heshima za watu wengine kuwa lengo halali. Tukifika kwenye ulazima tunakwama tena, na safari hii vibaya zaidi. Mtu mmoja ametuhumiwa katika habari moja. Kulikuwa na njia ya kudai marekebisho na kuombwa radhi, na kulikuwa na njia ya kufungua kesi ya madai ya kashfa ambako mhariri angetakiwa kuleta ushahidi wake. Badala yake zilizuiwa habari zote ambazo gazeti hilo lingeandika kwa miaka mitatu, zikiwemo zile ambazo hazikuwa zimefikiriwa bado na hazikumhusu kiongozi huyo hata kidogo. Bomba likipasuka mtaani Chang'ombe hapa Dodoma, hakuna fundi anayekwenda kufunga visima vya Mzakwe vinavyoleta maji jijini.

Kuna jambo jingine ndani ya kesi hiyo ambalo wanasheria wa Serikali wanalijua na hawalisemi. Kutoka siku ya amri hadi siku ya hukumu ilipita karibu miezi 22 kati ya 36 ya adhabu. Gazeti la wiki likikaa kimya kwa muda huo, waandishi wake huwa wameshatawanyika na wasomaji wameshazoea jingine. Kwa hiyo swali la kama kizuizi ni halali lazima liulizwe ofisini, kabla ya kalamu kugusa karatasi, kwa kuwa mahakama hata ikifanya kazi yake vizuri hufika wakati madhara yameshatimia.

Sheria ya mwaka 1976 ilifutwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Lakini sheria hiyo mpya nayo, katika kifungu cha 59, ilimpa Waziri uwezo wa kupiga marufuku maudhui yanayohatarisha usalama wa taifa au usalama wa umma, na mahakama ile ile ya Arusha, katika hukumu ya tarehe 28 Machi 2019, ilikiona kifungu hicho pamoja na vingine kadhaa kuwa kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Kuhusu makosa ya uchochezi, mahakama ilisema kasoro yake ni kwamba yanategemea hisia ambazo maneno yanaweza kuzua kwa wasikilizaji, jambo ambalo mwandishi hawezi kulijua anapoandika. Ninakubali kwamba hatua zimepigwa tangu hapo, na marekebisho ya mwaka 2023 yaliyoiondoa kashfa katika orodha ya makosa ya jinai ni ya kupongezwa bila kusitasita. Ninachokilalamikia ni mtindo wa uandishi uliobaki, ule wa "Waziri anapoona" na "kwa maoni ya Mkurugenzi", unaohama kutoka sheria ya zamani kuingia ya sasa na kutoka sheria mama kuingia kanuni.

Kuhusu lengo halali nitasema machache. Orodha ya Mkataba imefungwa: haki na heshima za watu wengine, usalama wa taifa, utulivu wa umma, afya ya jamii, na maadili ya jamii. Hakuna kingine. Mtaona kwamba "maslahi ya umma", maneno yanayopendwa kuliko yote katika barua zetu za kiserikali, hayamo humo. Hayamo pia "taswira ya nchi" wala "heshima ya Serikali". Ofisa anayetaka kuzuia analazimika kueleza ni kipi kati ya vile vitano kinachohusika, na akishindwa kukitaja basi hana lengo. Na hata linapotajwa lengo zito, halitumiki kufunika jambo jingine. Katika shauri la Albert Mukong wa Kamerun, lililoamuliwa na Kamati ya Haki za Binadamu mwaka 1994, serikali ya huko ilijitetea kwamba ilimkamata ili kulinda umoja wa taifa katika mazingira magumu ya kisiasa. Kamati ilijibu kwamba umoja, hata katika mazingira magumu, haulindwi kwa kuwafunga midomo wanaodai vyama vingi, demokrasia na haki za binadamu.

Sharti la ulazima ndilo linalohitaji nafasi zaidi, na nitalieleza kwa mfano wa kutunga kutoka huku kwetu, nikiupima kwa kanuni halisi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, kama zilivyotoka Julai 2020, ziliorodhesha katika jedwali lake la tatu maudhui yaliyopigwa marufuku, na mojawapo lilikuwa taarifa kuhusu mlipuko wa ugonjwa hatari au wa kuambukiza, nchini au kwingineko, bila idhini ya mamlaka husika. Adhabu ya kukiuka kanuni hizo ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Tumchukue mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimojawapo cha Wilaya ya Bahi. Ndani ya siku mbili amewaona watu watatu wa kaya tofauti wakiharisha maji matupu na kutapika, na wote huchota maji katika kisima kimoja cha korongoni. Jioni anaandika katika kundi la kijiji kwenye simu: "Jamani, msinywe maji ya kisima cha korongoni bila kuchemsha. Watu watatu wanahara na kutapika sana, nahofia ni kipindupindu. Mwenye mgonjwa amuwahishe zahanati." Kwa kanuni ile, kama ilivyoandikwa, mwalimu ametenda kosa mara tu alipobonyeza kutuma.

Swali la kwanza, la sheria. Mamlaka husika ni nani? Anaweza kuwa mganga mfawidhi wa zahanati, mganga mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa, au wizara yenye dhamana ya afya. Maneno ya jedwali hayasemi, na mtu aliyeko kijijini saa moja usiku hawezi kujua amwombe nani idhini, kwa njia gani, na ajibiwe ndani ya muda gani. Halafu kuna hilo neno "kwingineko", ambalo likisomwa kama lilivyo linamhitaji mtu wa Kondoa aombe idhini kabla ya kusimulia habari ya homa iliyozuka nchi ya mbali, ambayo kila redio imeshaitangaza. Kwa hiyo usahihi unaotakiwa haupo.

Swali la pili halina ubishi. Lengo ni afya ya jamii, nalo limo katika orodha. Uvumi wa ugonjwa unaweza kweli kuwakimbiza watu kutoka zahanati, kuvunja soko la kijiji na kuwatia wagonjwa unyanyapaa. Siwezi kumlaumu mtungaji wa kanuni kwa kuwa na wasiwasi huo.

Swali la tatu ndilo linaloiangusha. Kamati ya Haki za Binadamu inasema kwamba Serikali inayotaja lengo halali lazima ionyeshe, kwa tukio hilo mahsusi, tishio lenyewe ni lipi, na uhusiano wa moja kwa moja na wa karibu kati ya maneno yaliyosemwa na tishio hilo. Katika shauri la mchoraji mmoja wa Jamhuri ya Korea, lililoamuliwa mwaka 2004, mchoro wake ulikamatwa kwa sababu za usalama wa taifa, na serikali ikashindwa kwa kuwa haikuweza kueleza ni madhara gani hasa ambayo mchoro ule mmoja ungeyaleta. Kutaja usalama kwa jumla hakukutosha. Basi turudi Bahi tuulize vivyo hivyo: ujumbe wa mwalimu unaleta tishio gani kwa afya ya wanakijiji? Dalili za kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku tano tangu mtu aambukizwe, na mgonjwa mwenye hali mbaya anaweza kufa ndani ya saa kadhaa asipopata maji ya chumvichumvi au dripu. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, muda unaotumika kusubiri idhini ndio muda ambao kaya ya nne na ya tano zinakwenda kuchota. Kama mwalimu amepatia, kizuizi kimedhuru afya ambayo kilidai kuilinda. Kama amekosea, na yale maradhi ni ya kuhara kwa kawaida, hasara iliyopatikana ni watu kuchemsha maji.

Baada ya hapo inabidi kuulizwa kama kulikuwa na njia nyepesi zaidi ya kulifikia lengo lile lile. Njia zilikuwepo, na nyingine hazigharimu chochote: mganga wa zahanati aingie katika kundi hilo hilo, aeleze alichokiona, aseme sampuli imepelekwa maabara na majibu yatatolewa lini. Kwa yule anayetunga uongo huku akijua ni uongo, na uongo wake ukasababisha madhara yanayoonekana, sheria inaweza kumfuata bila kumzoa mwalimu pamoja naye, mradi iandike wazi kwamba kosa ni kujua na kudhuru. Tena itazameni adhabu yenyewe. Kiwango cha chini cha milioni 5 au miezi 12 kinamfunga mikono hakimu wa wilaya, kwa maana hata akiona kwamba mbele yake amesimama mtu aliyewaonya majirani kwa nia njema, akishamtia hatiani hana namna ya kupima adhabu ilingane na kosa. Uwiano umeondolewa na aliyeandika kanuni kabla kesi yoyote haijafunguliwa.

Mtu anaweza kuniambia kwamba nimechagua mfano mwepesi, na nimekusudia hivyo, maana kanuni pana hupimwa kwa watu wa kawaida ambao wavu wake unawanasa. Ubadilishe mfano na jibu litabadilika. Kama katika kundi lile lile mtu angeandika kwamba muuguzi fulani, kwa jina, ndiye anayetia ugonjwa katika kisima, na kwamba vijana wakutane kwake usiku huo na petroli, hapo tishio linajulikana, mtu anayelengwa anajulikana, muda ni wa karibu, na kuufuta ujumbe huo na kumkamata mwandishi wake kunapita maswali yote matatu bila shida. Vivyo hivyo amri ya mahakama inayozuia kutajwa kwa jina la mtoto aliyefanyiwa ukatili: sheria inajulikana, inalinda haki ya mtu anayetambulika, na haizuii chochote zaidi ya jina na mambo yanayoweza kumtambulisha. Maswali haya matatu hayamzuii ofisa makini kufanya kazi yake.

Niwaonyeshe sasa kinachotokea kwa kawaida. Mteja wangu mmoja, kijana anayeendesha ukurasa wa habari za mtaa, aliniletea barua aliyopewa na ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Ni karatasi moja. Juu kuna nembo, chini kuna saini na mhuri wa rangi ya zambarau uliochapwa nusu, na katikati mna sentensi mbili: kwamba ameagizwa kuondoa "taarifa zisizo sahihi" alizochapisha "kwa maslahi ya umma", na kwamba asipotekeleza hatua zitachukuliwa dhidi yake. Hakuna kifungu cha sheria. Haikutajwa taarifa ipi kati ya zaidi ya kumi alizokuwa ameweka wiki hiyo, wala kipi katika taarifa hiyo si sahihi. Aliniuliza afute ipi. Sikuweza kumjibu, na nikamshauri tuandike kuomba ufafanuzi, ambao haukuja. Mwishowe alifuta zote, ikiwemo ya mnada wa mifugo.

Barua ya namna hiyo haiwezi hata kuanza kupimwa, na hilo lina matokeo ya kisheria yanayohesabika. Raia wa nchi yetu hana njia ya kulalamika moja kwa moja kwa Kamati ya Haki za Binadamu, kwa kuwa Tanzania haijajiunga na Itifaki ya Nyongeza inayoruhusu malalamiko ya mtu binafsi. Katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa nchini, Arusha, tamko lililowawezesha watu binafsi na asasi kufungua mashauri dhidi ya nchi yetu liliondolewa Novemba 2019, na uondoaji huo ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Kwa upande wa mahakama, imebaki Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki pamoja na mahakama zetu za ndani. Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 30, unampa mlalamikaji miezi miwili tu tangu kitendo kinacholalamikiwa kitokee au tangu akifahamu. Mtu aliyepewa barua isiyotaja kifungu wala sababu anautumia muda huo akibisha hodi ofisini kuuliza alikosea nini, na anapokuja kujibiwa, kama anajibiwa, mlango wa Arusha umeshafungwa.

Najua pia pingamizi mtakalopewa na washauri wenu, kwamba mikataba ya kimataifa haiwi sheria ya nchi hadi Bunge litunge sheria ya kuitekeleza, na kwamba Katiba yetu ina ibara ya 30(2) inayoruhusu sheria kuweka mipaka kwa ajili ya maslahi ya umma. Yote mawili ni kweli. Lakini Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishasema, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu lililoripotiwa mwaka 1993, ibara hiyo isomwe vipi. Wananchi waliofungua shauri hilo walikuwa wakipinga sheria iliyowataka wapate kwanza kibali cha Serikali ndipo waishtaki Serikali. Mahakama iliamua kwamba sheria inayopunguza haki ya msingi italindwa na ibara ya 30(2) ikiwa tu imetimiza mambo mawili: isiwe ya kidhalimu, maana yake iwe na kinga za kutosha dhidi ya maamuzi ya kiholela ya wale wanaoisimamia, na kizuizi chake kisizidi kile kinachohitajika kwa busara ili kulifikia lengo halali. Majaji wetu wenyewe, wakiisoma Katiba yetu wenyewe, walifika pale pale ilipofika ibara ya 19: sheria isiyo ya kiholela, lengo halali, na kiasi. Kwa hiyo anayesema kwamba kipimo hiki ni cha wageni anabishana na Mahakama ya Rufani.

Kutokana na hayo ninaomba mambo matatu, na ninaamini yote yanawezekana bila kusubiri sheria mpya.

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya habari, toa mwongozo kwa idara na mamlaka zilizo chini yako kwamba barua au amri yoyote ya kuondoa, kusimamisha au kufungia maudhui itaje kifungu kinachotumika, inukuu maneno yenyewe yanayolalamikiwa, itaje lengo moja au zaidi kati ya yale matano, ieleze madhara gani yanatarajiwa na kwa nini njia nyepesi zaidi, kama kutoa kanusho au kudai marekebisho, isingetosha, kisha iseme mwisho wa amri ni lini na rufaa inakatwa wapi. Ofisa atakayeona karatasi hiyo haijaziki huenda akagundua kwamba hakuhitaji kuandika barua.

Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Sheria Ndogo, ninyi ndio wenye nafasi ambayo mahakama haina, kwa kuwa kanuni hufika mezani kwenu bila mtu kulazimika kukamatwa kwanza. Kila kanuni inayogusa maudhui ya vyombo vya habari au ya mtandaoni inapowasilishwa, itakeni wizara iliyoitunga ilete maelezo ya ibara kwa ibara kwa maswali hayo hayo matatu. Anzeni na kila mahali palipoandikwa "bila idhini ya mamlaka husika", muulize mamlaka hiyo ni ipi na inajibu ndani ya saa ngapi, na kila mahali penye adhabu ya kiwango cha chini, muulize kwa nini hakimu asiachiwe kupima.

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, pamoja na Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, pitieni hukumu mbili za Arusha nilizozitaja, ile ya Juni 2018 na ile ya Machi 2019, mzitangazie wizara zote kwa Kiswahili, mkionyesha kifungu kwa kifungu kipi kimeshafutwa, kipi kimerekebishwa na kipi kingali katika vitabu vya sheria kama kilivyokuwa siku ile mahakama ilipokitaja.

Niko tayari kuja Mtumba au Bungeni kwa siku na saa mtakayopanga, pamoja na mawakili wenzangu wa hapa jijini, kuyapitia maandishi yoyote mtakayotaka tuyapime pamoja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakili wa kujitegemea,
Dodoma